Filamu ina sauti nne, mbona runinga inatoa Kihindi? Jinsi ya kuipata traki unayoitaka

Malalamiko haya utayasikia Nairobi popote watu wanapopeana filamu kwa flashi. Mtu anachomeka flashi kwenye runinga, filamu inaanza, na waigizaji wanaongea Kihindi, ilhali kwenye kompyuta ya aliyempa walikuwa wakiongea Kiingereza. Mwingine anafungua filamu na kukuta wanaume wawili wanapiga soga juu yake mwanzo hadi mwisho, wakieleza jinsi mvua ilivyowasumbua siku ya kurekodi. Wapo wanaodhani wamepewa faili mbovu. Wanaifuta na kuipakua upya, bando linaisha, na faili mpya inafanya yaleyale.

Mara nyingi faili haina ubovu wowote. Ina sauti kadhaa ndani yake, na kifaa kimechagua moja bila kukuuliza. Kinachochanganya ni kwamba kila kifaa huchagua kwa utaratibu wake, na majina yanayotokea kwenye menyu si ya kuaminika sana.

Tuanze na maneno matatu. Faili ya video yenye jina linaloishia kwa .mkv au .mp4 huitwa kontena, kwa sababu kazi yake ni kubeba vitu kadhaa kwa pamoja: picha, sauti, na pengine manukuu, yale maandishi yanayopita chini ya skrini. Kila kimojawapo kimekaa peke yake ndani ya kontena, nacho huitwa traki. Kwa hiyo filamu moja inaweza kuwa na traki moja ya picha na traki nne za sauti, zote zikiwa na urefu uleule wa saa moja na nusu, na kinachochezwa ni traki moja ya sauti kwa wakati mmoja. Jambo hili si geni. Diski za DVD, ambazo zimekuwapo tangu miaka ya 1990, ziliruhusu traki hadi 8 za sauti kwa kila filamu.

Traki hizo si za lugha tu. Kuna sauti asilia, yaani ile waigizaji waliyoongea. Kuna sauti za kutiwa, ambazo waigizaji wengine walizirekodi baadaye kwa lugha nyingine. Kuna traki ya maoni, ambamo mwongozaji au waigizaji wanazungumza juu ya filamu huku ikiendelea. Halafu kuna traki ya maelezo kwa wasioona, ambamo msimulizi anaeleza kinachoonekana: mwanamke anaingia, anaweka bahasha mezani, anatoka bila kuaga. Hizi mbili za mwisho huandikwa lugha ileile ya filamu, na ndiyo maana mtu anachagua Kiingereza na bado anapata kitu ambacho hakukitaka.

Sauti iliyochanganywa haichaguliki

Kabla ya kugusa menyu yoyote, tofauti moja lazima ieleweke, kwa sababu wengi hupoteza muda mwingi hapa. Sauti iliyo kwenye traki yake inaweza kuwashwa na kuzimwa. Sauti iliyochanganywa ndani ya nyingine haiwezi. Ni kama chai: sukari ikiletwa mezani kwenye kopo lake, kila mtu anajitilia anavyopenda, lakini iliyokorogewa jikoni haitolewi tena.

Filamu alizosimulia DJ Afro, ambazo wakazi wengi wa Nairobi wamekua nazo, ni za aina hiyo ya pili. Sauti yake imewekwa juu ya sauti ya filamu, kisha zote mbili zikarekodiwa kuwa traki moja. Ukifungua menyu ya sauti utaona traki moja tu, na hakuna kitufe kitakachomnyamazisha msimulizi na kuwaacha waigizaji. Anayetaka filamu bila simulizi inambidi atafute nakala nyingine. Hivyo basi, hatua ya kwanza ni kufungua menyu na kuhesabu. Ikiwa kuna traki moja, suala la kuchagua halipo.

Kuna hali moja inayofanana na hiyo lakini ina tiba, nayo hupatikana kwenye VCD za zamani, hasa filamu za Hong Kong. VCD ya kawaida ilibeba traki moja ya stereo, kwa hiyo watengenezaji walitia lugha moja upande wa kushoto na nyingine upande wa kulia. Ukiicheza kawaida, lugha mbili zinaongea kwa pamoja. Menyu inaonyesha traki moja, lakini bado unaweza kuchagua upande: kwenye VLC, programu ya bure ya kuchezea video, fungua Audio, kisha Stereo Mode, halafu Left au Right. Dekoda nyingi za bure pia zina kitufe cha Audio kwenye rimoti chenye chaguo hilohilo.

Kifaa huamuaje?

Ikiwa traki ni zaidi ya moja, kifaa kina mambo matatu ya kutazama. La kwanza ni lugha uliyokiambia unaipenda, kama uliwahi kukiambia. La pili ni alama ya chaguo-msingi, ambayo mtengenezaji wa faili hubandika kwenye traki anayotaka itangulie. La tatu, kukiwa hakuna kingine cha kufuata, ni mpangilio: traki ya kwanza ndiyo inayochezwa. Programu kama VLC au mpv hutazama yote matatu. Runinga nyingi hurukia la tatu moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu ya faili moja kutoa Kiingereza kwenye kompyuta na Kihindi kwenye runinga ya sebuleni.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu wachache wanalijua, nalo linaeleza vurugu nyingi. Kontena la MKV lina kanuni zake rasmi, zinazoitwa Matroska, na kanuni hizo zinasema nini kifanyike pale mtengenezaji alipoacha nafasi tupu. Ikiwa hakuandika lugha ya traki, kifaa kichukulie kuwa ni Kiingereza. Ikiwa hakuandika lolote kuhusu chaguo-msingi, kifaa kichukulie kuwa traki hiyo ni chaguo-msingi. Kwa maneno mengine, neno English unaloliona kwenye menyu linaweza kuwa halikuandikwa na mtu yeyote. Nafasi iliachwa tupu, kanuni ikaijaza. Na faili moja inaweza kuwa na traki mbili au tatu zote zinazodai kutangulia.

Mtengenezaji makini asiyeijua lugha huandika und, alama ya kwamba lugha haijabainishwa, na hapo VLC haitaji lugha yoyote, inaandika Track na namba tu. Traki isiyo na jina la lugha kwa hiyo ina ukweli zaidi kuliko ile iliyoitwa Kiingereza kwa kuachwa tupu. Watu wengi huipuuza, na wakati mwingine ndiyo wanayoitafuta.

Flashi ya Kayole

Nichukue mfano wa jamaa mmoja anayeonyesha filamu Ijumaa jioni kwenye ukumbi wa mtaa huko Kayole, watu wengi wakija na watoto. Alipewa faili ya MKV na kuhakikishiwa kuwa ina Kiswahili. Kwenye runinga ya ukumbi ilitoa Kihindi. Kwenye kompyuta, menyu ya VLC ilimwonyesha hivi:

```
Track 1 - [Hindi]
Track 2 - [English]
Track 3 - [English]
Track 4 - [English]
```

Alijaribu ya pili akasikia Kiingereza, akajaribu ya tatu akasikia Kiingereza kingine chenye watu wanaocheka, akaamua kwamba aliyempa alimdanganya. Hakuifungua ya nne, kwa kuwa nayo imeandikwa English.

Njia bora ya kuchunguza faili kama hii ni kutoanzia mwanzoni. Dakika za kwanza za filamu nyingi ni muziki na majina ya watengenezaji, na traki zote husikika sawa hapo. Ruka hadi katikati, utafute pahali pawili: pa kwanza watu wawili wanaongea huku nyuso zao zinaonekana karibu, pa pili hakuna anayeongea, mtu anatembea au gari linapita. Kisha cheza sehemu hizo mbili kwa kila traki. Kwenye VLC ya kompyuta, kila unapobonyeza herufi b inahamia traki inayofuata na kuandika jina lake juu ya picha. Kwenye VLC ya simu, gusa skrini, kisha alama ya sauti na manukuu.

Sehemu hizo mbili zinatosha kuzitenganisha aina zote. Traki ya maoni haijali mazungumzo ya filamu. Wanaozungumza wanaendelea hata waigizaji wanapoongea, na sauti ya filamu imeshushwa chini yao. Traki ya maelezo kwa wasioona ni kinyume chake: msimulizi hunyamaza waigizaji wanapoongea, na huingia palipo kimya. Usiposikiliza pahali pa pili hutaitambua, maana kwenye mazungumzo inafanana kabisa na sauti ya kawaida. Wengi huichagua bila kujua, na robo saa baadaye wanashangaa ni nani huyu anayewaambia kwamba mlango umefunguka.

Kutofautisha sauti asilia na ya kutiwa, tazama midomo kwenye m, b na p. Herufi hizo hazitamkiki bila midomo kufungwa. Mtu akisema neno lenye m na midomo yake iko wazi, sauti hiyo ilitiwa baadaye. Tazama sentensi mbili tatu, si moja, kwa sababu watia sauti wazuri hujitahidi kuzilinganisha. Kipimo hiki kina mipaka. Kwenye katuni hakifai. Na kuna filamu, zikiwemo nyingi za zamani za Kihindi na za Kiitaliano, ambazo hata waigizaji wenyewe walirekodi sauti zao upya studioni, kwa hiyo midomo haishikani vizuri hata kwenye sauti asilia.

Kwenye faili ya Kayole, traki ya tatu ilikuwa maoni ya mwongozaji na mwenzake. Ya nne ilikuwa Kiswahili. Ili kuona kwa nini iliitwa Kiingereza, tulitumia ffprobe, programu ndogo ya bure inayokuja pamoja na ffmpeg, programu ya kushughulikia video kwa amri zinazoandikwa kwenye terminal ya kompyuta:

```
ffprobe -v error -select_streams a -show_entries stream=index,codec_name,channels:stream_tags=language:stream_disposition=default -of compact filamu.mkv
```

Majibu yalikuwa mistari minne:

```
stream|index=1|codec_name=ac3|channels=6|disposition:default=1|tag:language=hin
stream|index=2|codec_name=ac3|channels=6|disposition:default=0|tag:language=eng
stream|index=3|codec_name=aac|channels=2|disposition:default=0|tag:language=eng
stream|index=4|codec_name=aac|channels=2|disposition:default=1|tag:language=eng
```

Mstari wa nne unasema mengi. Una default=1 kama wa Kihindi, na una eng. Aliyeongeza Kiswahili aliiweka traki yenyewe na hakuandika kitu kingine, hivyo kanuni za Matroska zikamjazia yote mawili: lugha Kiingereza, chaguo-msingi ndiyo. Runinga yenyewe ilichukua tu iliyo mbele, yaani Kihindi. Idadi ya chaneli nayo inasaidia. Sauti kamili ya filamu mara nyingi ina chaneli 6, za spika tano na moja ya besi, na traki ya maoni huwa na 2. Hata hivyo 2 peke yake haithibitishi kwamba ni maoni, kama Kiswahili hiki kinavyoonyesha.

Kurekebisha lebo hakuhitaji kuitengeneza filamu upya. Programu ya mkvpropedit, iliyo ndani ya kifurushi cha bure cha MKVToolNix, hubadilisha maelezo ya mwanzoni mwa faili tu, kwa hiyo hata faili ya gigabaiti kadhaa humalizika upesi:

```
mkvpropedit filamu.mkv \
  --edit track:a1 --set flag-default=0 \
  --edit track:a4 --set language=swa \
  --set flag-default=1 --set name="Kiswahili"
```

Hapa a1 ni traki ya kwanza ya sauti na a4 ni ya nne. Alama ya Kiswahili ni swa kwa herufi tatu, au sw kwa mbili. Baada ya hapo VLC ilianza na Kiswahili yenyewe. Ukipenda iwe hivyo kwa kila filamu, fungua Tools, Preferences, Audio, na kwenye Preferred audio language andika swa,eng: Kiswahili kikiwepo kichezwe, kisipokuwepo Kiingereza. Mpangilio huo husoma lebo, hausikilizi sauti. Kabla ya kuirekebisha faili ile usingesaidia chochote, kwa sababu hakukuwa na traki iliyoandikwa swa.

Runinga ya ukumbi iling'ang'ania Kihindi hata baada ya hapo, nayo rimoti yake haikuwa na chaguo la traki ilipocheza flashi. Kwa kifaa kinachotazama mpangilio peke yake, dawa ni kubadilisha mpangilio:

```
ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v -map 0:a:3 -map 0:a:1 -c copy kiswahili.mkv
```

Amri hii inatengeneza faili mpya yenye picha, kisha Kiswahili, kisha Kiingereza. Maneno -c copy yanaiambia ihamishe tu bila kubana upya, hivyo ubora haupungui. Angalia namba: ffmpeg huanza kuhesabu kwenye sifuri, kwa hiyo traki ya nne ni 0:a:3, ilhali kwa mkvpropedit ileile ni a4. Wengi hukosea hapa na kujikuta na traki ya jirani. Kama faili ina manukuu unayotaka kuyabakiza, ongeza -map 0:s kabla ya -c.

Traki sahihi inapoonekana si sahihi

Wakati mwingine mtu amechagua vizuri na bado anaamini amekosea. Dalili ya kawaida ni kwamba muziki na milio ya magari inasikika kwa nguvu, lakini maneno yako mbali. Kwenye sauti ya chaneli 6, mazungumzo karibu yote hukaa kwenye chaneli ya katikati, ambayo imekusudiwa spika yake mbele ya mtazamaji. Runinga ya spika mbili inapaswa kuigawa chaneli hiyo kulia na kushoto, na nyingine huifanya kazi hiyo vibaya. Kuhamia lugha nyingine hakutasaidia ikiwa nayo ina chaneli 6. Tafuta traki ya lugha ileile iliyoandikwa Stereo au 2.0.

Dalili nyingine ni kimya kabisa huku picha ikiendelea, pengine na ujumbe kwamba sauti haikubaliki. Hapo traki ipo, ila imebanwa kwa mfumo ambao kifaa hakiusomi, mara nyingi DTS. Samsung, kwa mfano, waliacha kuusoma mfumo huo kwenye runinga zao kuanzia modeli za 2018. Filamu ileile ikitoa sauti kwenye VLC ya kompyuta na kunyamaza kwenye runinga, angalia neno codec_name kwenye majibu ya ffprobe. Ukiona dts, chagua traki yenye aac au ac3. Ikiwa hakuna, itabidi sauti ibanwe upya, na hapo -c copy haitoshi: ibadilishe iwe -c copy -c:a aac, ili picha ibaki kama ilivyo na sauti pekee ndiyo ibadilike.

Dhana kwamba manukuu na sauti vinaenda pamoja nayo si kweli. Ni traki tofauti, kila moja ina chaguo lake, na kuchagua manukuu ya Kiingereza hakubadilishi sauti hata kidogo.

Kwenye YouTube mambo ni mepesi zaidi, ingawa kero ni ileile: unafungua video ya mpishi Mfaransa unayemfuatilia siku zote na leo anaongea Kiingereza kwa sauti isiyo yake. Tangu 2023 YouTube imewezesha video moja kubeba sauti za lugha kadhaa, na baadaye ikaongeza kutia sauti kwa mashine. Huchagua kwa kufuata lugha ya mipangilio yako. Gusa alama ya gurudumu la meno kwenye video, kisha Audio track, na uchague ile iliyoandikwa original. Kwenye YouTube, neno hilo ndilo la kutafuta, si jina la lugha.

Kuhusu kupeana faili, jambo moja huwakwaza watu mara kwa mara. Ukituma filamu kwa WhatsApp kama video, hubanwa upya, na traki za ziada zinaweza kupotea njiani. Anayeipokea hawezi kuzirudisha kwa menyu yoyote. Itume kama hati, au mpe kwa flashi, na umwandikie namba ya traki aitakayo, kwa sababu jina atakaloliona kwenye runinga yake huenda lisiwe hilo unaloliona wewe.